Liwali alipoondoka: kisa cha hekalu la Yebu, 410 K.K.

Mnamo Julai 410 K.K. Arshama, liwali mkuu wa Misri kwa niaba ya mfalme wa Uajemi, alifunga safari kwenda kumwona bwana wake, Dario wa Pili. Mwezi huohuo, kwenye kisiwa cha Yebu katikati ya Mto Naili, mbele ya mji wa Aswani, kundi la Wamisri pamoja na askari wa serikali liliingia ngomeni likiwa na zana mkononi. Wakaliendea hekalu la Wayahudi, wakavunja nguzo za mawe, wakabomoa malango matano ya mawe yaliyochongwa, wakachoma paa la mierezi, wakaondoka na mabakuli ya dhahabu na fedha. Aliyeongoza kundi alikuwa kamanda wa kikosi cha Aswani, Nafaina. Aliyetoa amri alikuwa baba yake, Vidranga, mkuu wa wilaya ile ya kusini.

Tunayajua haya kwa sababu waliobomolewa waliandika mashtaka kwa Kiaramu juu ya mafunjo, na mchanga mkavu wa Misri ukayahifadhi mpaka wachimbuaji Wajerumani walipoyafukua mwanzoni mwa karne ya 20. Hati nyingi tulizo nazo kuhusu dola ya Waajemi ni majigambo ya wafalme yaliyochongwa mwambani, au habari za Wagiriki walioitazama kutoka nje. Barua za Yebu zinatoka chini, kwa watu waliotawaliwa. Ndiyo maana mimi huanzia hapo kila ninapoulizwa ilikuwaje Waajemi wakaweza kushika kwa zaidi ya miaka 200 dola iliyowahi kuenea kutoka Bonde la Indasi hadi Misri. Jibu la kawaida ni kwamba waliweka maliwali, wakajenga barabara, wakaheshimu mila za watu. Ni kweli. Lakini Yebu inatuonyesha jinsi mambo hayo matatu yalivyotegemeana, na kilichotokea moja lilipolegea.

Kwanza tujue waliokaa pale. Yebu ilikuwa ngome ya mpakani. Ukivuka maporomoko ya kwanza ya Naili umeingia Nubia. Wayahudi wa Yebu walikuwa askari wa kulipwa, wenye wake, watoto, nyumba na viwanja, wakipokea mshahara wa fedha na posho ya nafaka kutoka ghala ya mfalme. Wao wenyewe walisema kwamba baba zao walijenga hekalu lile zamani za wafalme wa Misri, na kwamba Kambise, mfalme wa Uajemi, alipoiteka Misri mwaka 525 K.K. alilikuta limesimama, wala hakuna aliyeligusa. Mungu wao walimwita Yahu. Jirani yao kabisa lilikuwa hekalu la Khnumu, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha kondoo dume. Katika ngome hiyo na Aswani ng'ambo ya maji walikuwako pia Waaramu, Wababeli, Wamedi na Wahorezmi waliotoka Asia ya Kati. Hebu fikiria: mtu wa karibu na Bahari ya Arali anagombania kiwanja na Myahudi kwenye kisiwa cha Naili.

Na hilo si la kufikirika. Hati ya mwaka 464 K.K. inaeleza kwamba Mhorezmi mmoja, Dargamana, alimshtaki Myahudi aitwaye Mahseya kwamba kiwanja anachokalia si chake. Kesi ikasikilizwa na Damidata, hakimu mwenye jina la Kiajemi, pamoja na wenzake. Walimwamuru Mahseya aape kwa Yahu. Akaapa kwamba ardhi ni yake, Dargamana akaridhika, akaandika hati ya kuachia madai. Miaka kama 24 baadaye binti yake Mahseya, Mibtahya, alikuwa na shauri la mali na mjenzi wa Kimisri, na safari hii mwanamke huyu wa Kiyahudi aliapa kwa Sati, mungu wa kike wa Wamisri wa kisiwani, kwa kuwa ndicho kiapo kilichomridhisha mwenzake.

Huko ndiko kuheshimu mila kwa maana yake ya kila siku. Mahakama ilikuwa ya mfalme, ila haikumlazimisha mtu kuapa kwa Ahura Mazda, mungu wa wafalme wa Uajemi. Ilitafuta kiapo ambacho mwapaji angekiogopa na mpinzani wake angekiamini, kisha mambo yakaisha. Sidhani tuuite moyo wa uvumilivu kama tunavyouelewa leo. Ilikuwa njia rahisi na ya hakika ya kumaliza ugomvi kati ya watu wasioshiriki mungu, lugha wala ukoo.

Hata hivyo heshima hiyo ilikuwa na mkono wa serikali ndani yake. Makuhani wa Khnumu walilijua hilo kabla ya Wayahudi. Mnamo 492 K.K. hivi, liwali wa Misri wa wakati ule, Ferendate, aliwaandikia kuhusu uteuzi wa msimamizi mkuu wa hekalu lao. Makuhani walikuwa na haki ya kupendekeza mtu wao, lakini liwali aliwakumbusha kwamba mfalme wa siku hizo, Dario wa Kwanza, ameweka masharti: asiwe mtu aliyetoroka, wala mtumishi wa mtu mwingine. Waliopendekezwa wasiofaa walikataliwa. Kwa hiyo mungu ni wenu, ibada ni zenu, lakini anayeshika mali ya hekalu lazima apite mezani kwa liwali.

Neno hili liwali nalitumia kwa makusudi. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalikuta kwenye Danieli, na watu wa pwani wanawakumbuka maliwali wa Sultani wa Zanzibar waliokaa Mombasa na kwingineko. Maana inakaribiana: mtu aliyetumwa na mfalme wa mbali, anayekusanya kodi, kulinda amani, kusikiliza rufaa na kuandika barua. Chini ya liwali mkuu wa Misri, aliyekaa Memfisi, karibu kilomita 900 kaskazini ya Yebu, kulikuwa na wakuu wa wilaya kama Vidranga, na chini yao makamanda wa ngome, makarani na wahasibu wa ghala. Pembeni walikuwako wengine ambao hati za Kiaramu ziliwaita kwa neno la Kiajemi lenye maana ya wasikilizaji, yaani masikio ya serikali, watu wa kupeleleza na kutoa taarifa.

Ukitaka kuona jinsi liwali alivyobana mambo, soma barua ya Arshama ya Januari 411 K.K., mwaka mmoja na nusu kabla ya ubomoaji. Inahusu mashua. Mashua ya serikali ilikuwa imechakaa, waliokuwa wakiitumia wakaomba itengenezwe. Ombi likapanda hadi kwa Arshama. Akaagiza wahasibu wa ghala, wasimamizi na mkuu wa maseremala waende kuikagua. Wakaikagua, wakaandika orodha: mbao za mierezi kwa vipimo, misumari ya shaba na ya chuma, vitambaa, rangi. Orodha ikarudi kwa Arshama, ndipo akaidhinisha vitolewe ghalani. Mashua moja! Sasa linganisha: kugongelea misumari kwenye mashua kulihitaji idhini ya liwali mkuu, na mwaka uliofuata hekalu zima likaangushwa bila yeye kujua. Wayahudi wenyewe wanasema wazi katika barua yao kwamba Arshama hakujua lolote.

Je, iliwezekanaje? Mamlaka yote yalikuwa yamefungwa kwa mtu mmoja, naye alikuwa njiani.

Njia yenyewe tunaifahamu vizuri. Mashuhuri zaidi ni ile ya Sardi, magharibi mwa Uturuki ya leo, hadi Shushani, mji wa kifalme wa Uajemi, ambayo Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, aliipimia vituo 111 na mwendo wa siku 90 kwa miguu. Ukigawanya umbali wake kwa vituo, unapata kilomita 20 na ushei kati ya kituo na kituo, yaani chini kidogo ya mwendo wa siku moja. Matarishi wa mfalme, waliobadilishana farasi kituoni, walikwenda kasi mara nyingi zaidi. Lakini barabara haikuwa lami wala mawe tu. Kilichoifanya kuwa barabara ya kifalme ni chakula kilichokuwa kinamsubiri msafiri mwenye hati.

Hati kama hiyo ipo, na imetoka kwa Arshama huyuhuyu. Aliiandika akiwa nje ya Misri, ikiwa barua ya ngozi, kwa ajili ya msimamizi wa mashamba yake aitwaye Nakhthori aliyekuwa anakwenda Misri. Inawataja kwa zamu maofisa wa miji ya njiani, toka kaskazini mwa Mesopotamia, Arbela ikiwemo, hadi Dameski. Kila mmoja ameagizwa ampe Nakhthori kwa siku vipimo viwili vya unga mweupe, vipimo vitatu vya unga wa daraja la pili, vipimo viwili vya mvinyo au bia, na kondoo mmoja. Watumishi wake kumi wapate kipimo kimoja cha unga kila mtu, na farasi wake majani kwa idadi yao. Kisha unakuja mstari ninaoupenda kuliko yote: akikaa mahali pamoja zaidi ya siku moja, asipewe posho ya siku za ziada. Yeyote aliyewahi kusimamia safari za kikazi anajua kwa nini mstari huo uliandikwa.

Kwa hiyo dola ilijua kumlisha msafiri bila kumwacha ajilishe kwa kuwanyang'anya wanakijiji. Barua nazo zilifika. Ila zilifika kwa mwenye ruhusa ya kuzituma na kwa njia ambayo ofisa wa mahali alikubali kuifungua. Wayahudi wa Yebu walikuwa na mkuu wa wilaya ambaye ndiye mshtakiwa, na liwali aliyekuwa kwa mfalme. Njia yao ya kawaida ya malalamiko ilikuwa imezibwa na mtu waliyetaka kumlalamikia.

Na kabla hatujaendelea, kwa nini Khnumu na Yahu walikosana baada ya kuishi jirani zaidi ya miaka 100? Barua moja ya Yebu inatoa dokezo: Khnumu amekuwa dhidi yetu tangu Hanania alipokuja Misri. Hanania ni Myahudi aliyewaandikia watu wa Yebu mwaka 419 K.K. akitaja neno lililotoka kwa mfalme kwenda kwa Arshama, kisha akaeleza wanachotakiwa kufanya kuanzia tarehe 15 hadi 21 ya mwezi wa Nisani: wasinywe bia, wasiwe na kitu chenye chachu. Msomaji wa Biblia anaitambua mara moja sikukuu ya mikate isiyotiwa chachu. Hapo sikukuu ya kabila moja ikawa na muhuri wa serikali. Sasa watu wanaomheshimu kondoo dume wanaishi ukuta kwa ukuta na watu wanaochinja kondoo na kuwateketeza madhabahuni, na hao wachinjaji ni askari wa mtawala wa kigeni. Heshima kwa mila ya mmoja ilianza kuonekana kama dharau kwa mila ya mwingine. Ugomvi wa ardhi nao ulikuwamo: Wayahudi walilalamika kwamba makuhani wa Khnumu walimpa Vidranga fedha na mali, wakajenga ukuta ndani ya ngome na kuziba kisima kilichowanywesha askari.

Katika barua hiyo ya kisima wanaomba jambo la maana sana: uchunguzi ufanywe na mahakimu, maaskari na wasikilizaji waliowekwa katika wilaya ya kusini. Hawaombi huruma. Wanajua taratibu za dola na wanazitaja kwa majina, huku wakikumbusha kwamba Wamisri walipoasi wao hawakuacha lindo lao.

Baada ya ubomoaji walivaa magunia, wakafunga, hawakujipaka mafuta wala kunywa mvinyo. Waliandika Yerusalemu kwa Yohanani kuhani mkuu na wakuu wa Yuda. Hawakujibiwa. Ni rahisi kuelewa kimya hicho: Yerusalemu ilishikilia kwamba dhabihu hutolewa mahali pamoja tu, na mahali hapo hapakuwa Yebu. Miaka mitatu ikapita. Tarehe 25 Novemba 407 K.K. kiongozi wao Yedania na makuhani wenzake waliandika tena, safari hii kwa Bagohi, liwali wa Yuda, ofisa wa serikali. Nakala mbili za barua hiyo zimebaki. Waliarifu vilevile kwamba wamewaandikia Delaya na Shelemia, wana wa Sanbalati liwali wa Samaria, ambaye wasomaji wa Nehemia wanamjua kama mpinzani wa ukuta wa Yerusalemu.

Angalieni ustadi wao. Kuhani alipowanyamazia, walimwendea liwali, na ili asilale juu ya barua wakamhusisha na jirani yake. Wakamwahidi kwamba wakijengewa hekalu watatoa sadaka ya unga, ubani na dhabihu za kuteketezwa kwa jina lake, na thawabu yake itakuwa kubwa kuliko ya mtu anayetoa dhabihu zenye thamani ya talanta elfu moja za fedha. Mwishoni kuna maneno mafupi kwamba kuhusu dhahabu wameshatuma taarifa. Yaani walioumizwa na rushwa walijua nao kwamba barua isiyo na kitu haitembei.

Bagohi hakuwa na mamlaka juu ya Misri hata kidogo. Alichoweza ni kumshauri mwenzake. Na jibu lililobaki si barua kamili, ni kumbukumbu ya mistari michache ya maneno ambayo yeye na Delaya walimwambia mjumbe: utasema Misri mbele ya Arshama kuhusu nyumba ya madhabahu ya Mungu wa Mbinguni, iliyojengwa Yebu kabla ya Kambise, ambayo Vidranga mwovu aliibomoa katika mwaka wa 14 wa mfalme Dario, ijengwe mahali pake kama ilivyokuwa, nao watoe sadaka ya unga na ubani juu ya madhabahu kama zamani.

Soma tena. Wao waliomba mambo matatu: unga, ubani, na dhabihu za kuteketezwa. Wamejibiwa mawili. La tatu limeachwa bila hata neno la kulikataa.

Wanahistoria wameeleza pengo hilo kwa namna mbalimbali: kuwatuliza watu wa Khnumu, kuilindia Yerusalemu upekee wake, au heshima ya Waajemi kwa moto usiotiwa najisi kwa mizoga. Kwangu mimi la kwanza lina uzito kuliko yote, maana hasira ya makuhani wa Khnumu ndiyo iliyokuwa tishio la kweli mpakani, na ngome ya mpakani haiwezi kuwa na vita ndani ya ukuta wake. La pili lilimfaa Bagohi, aliyekuwa na Yerusalemu mlangoni kwake. Uamuzi mmoja ukanyamazisha pande zote mbili, na gharama yake wakabebeshwa watu wa Yebu.

Wakakubali. Ipo barua ya wazee watano, Yedania wa kwanza, wanaomwandikia bwana wasiyemtaja kwa jina: hekalu likijengwa, kondoo, ng'ombe na mbuzi hawatateketezwa pale, ila ubani na unga peke yake. Na wataleta nyumbani kwa bwana huyo fedha, na shayiri vipimo elfu moja.

Kwa hiyo, unapoambiwa Waajemi waliheshimu mila, uliza: mila ipi, na nani ameandika kwamba ni ya zamani? Hoja iliyoshinda katika kisa hiki ilikuwa ni ukongwe. Kumbukumbu ya Bagohi inataja Kambise mapema kabisa, kwa kuwa kilichokuwako kabla ya mfalme kuingia kilikuwa na haki ya kuendelea kuwako. Ndiyo sababu Yedania alitumia wino mwingi kueleza zamani za hekalu kabla ya kufika kwenye ombi. Na haki hiyo haikujilinda yenyewe. Ilihitaji liwali awepo, barua ifike na mtu wa kuisimamia. Liwali alipokosekana, mkuu wa wilaya aliweza kuifuta kwa siku moja, na kuirudisha kukachukua zaidi ya miaka mitatu.

Vidranga aliangukia wapi? Mashtaka yanasema alipoteza mali yote aliyojipatia, na kwamba waliolitakia hekalu mabaya waliuawa, na Wayahudi wakawaona kwa macho yao.

Hekalu nalo linaonekana tena kwenye hati ya Desemba 402 K.K., isiyohusu ibada kabisa. Anania, mtumishi wa hekalu la Yahu, pamoja na mkewe Tamet aliyekuwa na jina la Kimisri, wanamuuzia mkwe wao nyumba. Karani anataja mipaka kama makarani wote: upande mmoja ghala ya mfalme, upande mwingine hekalu la Yahu, na kati ya nyumba na hekalu inapita barabara ya mfalme.